Salamu kwa Mteja wa Madirisha Kumi na Moja

Basi liliniacha kituo kimoja kabla ya kile nilichokusudia, na nilipolivuta begi langu kutoka kwenye buti, zipu yake ikafunguka mwanzo mpaka mwisho. Nikasimama kando ya barabara nimelikumbatia kama mtu aliyebeba mgonjwa, soksi moja ikichungulia. Nimekwisha kufika ugenini mara nyingi, lakini ugeni wa kufika nguo zikiwa nje ni wa aina yake. Nikamuuliza mwenye duka la vioo wapi nitapata fundi cherehani. Hakuninyooshea hata kidole. Alinyoosha kidevu upande wa pili wa barabara.

Kidevu kilikuwa kinaelekea kwenye jengo la ghorofa mbili. Chini kulikuwa na ushoroba mrefu wenye vyumba pande zote: mtengeneza simu, mpiga chapa, kinyozi, na mwishoni kabisa chumba chenye mlango wa kioo uliobandikwa karatasi: MAPAZIA, MASHUKA, MAREKEBISHO. Ndani palikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, majora ya vitambaa yaliyosimamishwa kama watu kwenye foleni, na wanawake wawili waliokuwa wameinamia simu moja.

"Hodi," nilisema.

"Karibu, subiri," alisema mkubwa wao bila kuinua kichwa. Shingoni alikuwa amening'iniza futi ya kupimia, ya njano, iliyochakaa mpaka namba za mwanzo zimefutika. Baadaye nilikuja kujua kuwa ushoroba mzima unamwita Futi, hata mtoto wake.

"Usimwambie asubiri, muulize," alisema mwenzake, ambaye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na mguu wake ulikuwa bado kwenye kanyagio la cherehani. "Anaonekana ametembea. Kaka mgeni, wewe unajua Kiingereza?"

Nikasema najua.

"Na Kiswahili si ndicho hiki unachosema. Haya, weka hilo begi lako, zipu nitakuwekea mpya. Lakini kwanza amua kesi."

Kesi yenyewe ilikuwa hii. Asubuhi ile fundi rangi, rafiki yao wa siku nyingi, alimpa Futi namba ya simu. Kuna nyumba inamaliziwa nyuma ya bohari la mbao, madirisha kumi na moja, na mwenyewe anatafuta fundi wa mapazia. Kesho asubuhi fundi rangi anapaka mkono wa mwisho. Bomba za pazia hushikwa na vishikio vinavyotobolewa matundu ukutani, na ukitoboa baada ya rangi ya mwisho unamwachia mwenye nyumba vumbi na makovu. Kwa hiyo mtu wa mapazia lazima afike leo, apime, atie alama, atoboe. Asipofika leo, msimamizi wa ujenzi ana fundi wake mwingine, na atamwita.

"Miaka tisa nakunja pindo za sketi na kupunguza suruali," Futi aliniambia. Alisema bila kulalamika, kama anayetaja vipimo. "Dirisha moja hapa, mlango mmoja pale. Nyumba nzima sijawahi kupewa. Sasa nimepewa namba, na sijui nimwandikie kwa lugha gani."

"Si ungempigia?" niliuliza.

"Fundi rangi kakataza. Kaambiwa na msimamizi: huyo hapokei simu asizozijua, mwandikie."

"Jina lake?"

"Hana jina. Namba tupu. Na picha yake ni geti."

Akanionyesha. Kweli, pale ambapo watu huweka nyuso zao kulikuwa na geti jeusi la chuma, limefungwa.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akafungua droo akatoa daftari la shule lenye jalada gumu, ambalo ndani yake alikuwa ameandika wateja wake wote. Mbele ya kila mmoja paliandikwa herufi. K ilikuwa ya wale wa Kiswahili, E ya Kiingereza, na alama ya msalaba ilikuwa ya wanaochanganya. Wengine walikuwa na K iliyokatwa ikaandikwa E, na wawili au watatu walikuwa na E iliyokatwa ikarudi K.

"Huyu," alisema akigusa jina moja, "nilimwandikia Kiswahili safi, na shikamoo juu. Akanijibu kwa Kiingereza, je, hapo kwenu hakuna mtu aliyesoma nikaongea naye? Huyu mwingine, nikiwa nimejifunza kwa yule, nikamwandikia Kiingereza. Akanijibu, 'Fundi, umeanza lini kujidai?' Hajarudi mpaka leo."

"Na wa msalaba?"

Mdogo wake aliangua kicheko. "Mwambie ya saa nne!"

"Nyamaza."

"Alimwandikia mtu: naja saa 4 today. Yule mtu anahesabu saa za Kiingereza. Dada kafika asubuhi, kakuta nyumba imefungwa. Mwenyewe karudi alasiri, kakaa mlangoni anamsubiri dada. Dada wakati huo yuko hapa ananuna."

"Ndiyo maana sichanganyi," alisema Futi. "Ukichanganya, kila mtu anachukua nusu anayoitaka."

Ningelisikiliza neno lile vizuri, mchana wetu ungekuwa mfupi. Lakini mimi ni mtu wa kuchanganya. Nimeomba maji, njia na msamaha kwa lugha saba, mara nyingi mbili kwa pamoja, na sijawahi kufa kiu. Nikamwambia kwamba asiyejulikana huandikiwa kwa zote mbili: salamu kwa Kiswahili ili asikuone unaringa, ombi kwa Kiingereza ili asikuone hukusoma. Akijibu, mfuate alikoelekea. Nilisema kwa uhakika mkubwa. Uhakika wa mpita njia hauna gharama, maana kesho hayupo.

Futi alinitazama, akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa saba na nusu. Akaandika, akinisomea neno kwa neno:

"Habari. Mimi ni fundi wa mapazia, nimepewa namba yako na fundi rangi. Can I come today to measure the windows? Kesho anapaka mkono wa mwisho."

Akabonyeza. Tiki moja. Tiki mbili. Mdogo wake akaanza kufumua zipu yangu kwa wembe, huku jicho moja likiwa kwenye simu. Tiki zikageuka buluu.

Jibu likaja: "Who is this, please? What windows?"

"Anauliza mimi nani," Futi alimtafsiria mdogo wake, "na madirisha gani."

"Si umemwambia wewe ni fundi wa mapazia? Haoni?"

"Basi ni wa E," nilisema. "Mfuate."

Tukaandika kwa Kiingereza, yeye akitunga na mimi nikinyoosha: kwamba yeye ni mshonaji wa mapazia, kwamba namba amepewa na fundi rangi, kwamba anaomba kuja leo kupima, na je, angependa rangi gani? Ujumbe ukaondoka, ukapokelewa, ukasomwa. Futi akachukua kalamu, akaandika E kwenye daftari, mbele ya namba.

Wino haujakauka, simu ikalia tena.

"Habari za mchana. Huko juu umesema wewe ni fundi wa mapazia, hilo nimelielewa. Hayo mengine ni Kiingereza. Unataka nini, mwanangu?"

Tukatazamana watu watatu.

"Mwanangu?" alisema mdogo wake.

"Hapo nyuma kidogo aliongea Kiingereza cha ofisini," alisema Futi. "Sasa hakijui?"

Nilikuwa na maelezo, maana mtu aliyesafiri sana hakosi maelezo. Nikasema nimeshakutana na watu wa hivyo: anaanza kwa lugha ya kujikinga, akiona hakuna hatari anarudi ya nyumbani. Anajishusha, anakukaribisha. Mfuate. Futi akaikata E, akaandika K, akaandika ujumbe wa tatu: "Shikamoo. Naomba nije leo kupima madirisha, kabla fundi rangi hajamaliza. Unapenda mapazia ya rangi gani?"

Jibu: "Plain white, please. Nothing with flowers."

"Meupe, yasiyo na maua," alisema Futi polepole. Kalamu ilikuwa hewani. Haikujua itue wapi.

"Huyu mteja kapandwa na pepo," alisema mdogo wake. "Tena wawili, na mmoja kasoma."

"Anakupima," nilisema. "Anataka kuona kama unaziweza zote."

"Ananipima mimi? Mimi ndiye wa kupima!"

Akaandika kwa Kiingereza kwamba ameelewa, meupe, sawa. Tukangoja. Katika ushoroba kinyozi alikuwa akibishana na mteja kuhusu upande wa kuchania nywele, na mashine ya mpiga chapa ilikuwa inatema karatasi. Fundi rangi akachungulia mlangoni, kofia yake ina madoa meupe. "Vipi, umeshaongea naye? Msimamizi anauliza."

"Tunaongea sana," alisema mdogo wake. "Tatizo ni hilo."

Simu: "Habari za mchana. Mimi napenda ya maua. Meupe yanachafuka, na hapa kuna vumbi la mbao."

Fundi rangi alisoma begani kwa Futi, akakuna kichwa chini ya kofia. "Wewe umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu! Nilichomwambia kakijibu, kisha kakikana!"

Nikaanza maelezo mengine; nadhani yalihusu watu wanaokasirika kwa lugha moja na kutulia kwa nyingine. Sikuyamaliza. Futi alikuwa ameinua mkono, mkono ule ule anaotumia kumnyamazisha mtu anapohesabu sentimita. Alikuwa anapandisha ujumbe juu na kushusha, juu na kushusha.

"Tazama," alisema. "Habari za mchana. Hapa tena, habari za mchana. Ndani ya dakika ishirini. Mtu mmoja atakusalimia mara ngapi?"

Akaigonga skrini kwa ukucha.

"Anayesalimia ni mtu anayeingia. Huyu kila akija anaingia upya. Yule wa Kiingereza hasalimii, kwa sababu yeye yupo tu. Hii simu iko mezani, na inashikwa na watu wawili."

Mdogo wake aliacha wembe. Mimi nilijisikia kama mtu aliyetembea siku nzima akitafuta miwani iliyo usoni. Lugha saba, na sikuona kilichoonwa na mtu aliyetazama tu nani kabisha hodi na nani hakubisha.

Futi akaandika: "Shikamoo mama. Samahani kuuliza, hapo mko wangapi?"

Jibu lilichukua muda, kama la mtu anayetafuta herufi moja moja.

"Marahaba mwanangu. Wawili. Mimi na mke wa mwanangu. Simu ni ya mwanangu, katuachia kwa ajili ya mambo ya nyumba, yeye kazini. Mkwe wangu ametoka mbali, Kiswahili bado. Mimi hicho chake sikijui. Tunaelewana kwa mikono."

"Kwa mikono!" fundi rangi alisema. "Ndiyo maana jikoni nimepaka rangi mbili." Akaondoka akitikisa kichwa, na kutoka ushorobani tulimsikia akisema, "Mpaka saa kumi, Futi! Baada ya hapo msimamizi anamwita mtu wake."

Ungedhani hapo kesi imekwisha. Kinyume chake, ndipo ilipoanza. Mpaka wakati ule lugha ilikuwa suala la adabu. Sasa ilikuwa suala la upande. Ukimwandikia mama mkwe, umekuwa wa maua. Ukimwandikia mkwe, umekuwa wa meupe.

"Rahisi," alisema mdogo wake. "Mama mwambie nakuja na maua. Mke mwambie nakuja na meupe. Ukishaingia ndani, umeingia."

"Simu ni moja. Hawaelewi maneno, lakini picha ya maua wataielewa. Na siku moja huyo mume atarudi kutoka kazini, asome zote." Futi alitikisa kichwa. "Wote wawili nitawaambia kitu kile kile. Nakuja saa kumi, nakuja na vitambaa vya aina zote, napima kwanza, rangi watachagua wao. Lakini nisichanganye. Ujumbe mmoja mzima kwa mama, mmoja mzima kwa mkwe."

"Nani kwanza?"

Swali hilo lilituchukua robo saa, nami naliandika bila aibu. Mdogo wake alisema mkubwa hutangulia. Nikasema kwenye simu anayetangulia hupanda juu, na wa mwisho ndiye anayeonekana mtu akifungua. Kwa hiyo wa mwisho ndiye wa kwanza. Mdogo wake akasema basi mama awe wa mwisho ili awe wa kwanza. Futi akasema mama hajui habari za juu na chini, anachojua ni kama umemwamkia kabla ya mkwe wake au baada. Mkubwa akatangulia.

Akaandika meseji ya mama, shikamoo, saa kumi jioni, vitambaa vya kila aina. Akaituma. Kisha akaanza ya mkwe, na hapo akakwama. Hakutaka ya Kiingereza iwe fupi kuliko ya Kiswahili, isije ikaonekana kama mabaki. Tulikuwa bado tunatafuta namna ya kuweka heshima ndani ya lugha isiyo na shikamoo, wakati mama alipojibu: "Karibu sana mwanangu, njoo." Sekunde chache tu baada ya hapo ujumbe wa Kiingereza ukaondoka, mzima, wenye heshima, na saa iliyoandikwa kwa tarakimu za wenyewe, 4 p.m.

Jibu lilikuja papo hapo. Futi alilisoma kimya, kisha akanipa simu nilisome kwa sauti, kama mtu anayemwomba mwenzake afungue barua ya hospitali.

"I see you have arranged everything with my mother-in-law already. Then please ask her about the curtains."

"Anasema nini?" aliuliza mdogo wake.

"Anasema naona umeshapanga na mama mkwe," alisema Futi. "Basi muulize yeye."

Huyo mke alikuwa hajasoma hata neno moja la ile ya Kiswahili. Alichoona ni kwamba ilifika kabla, na kwamba imejibiwa. Adabu iliyomtanguliza mkubwa ndiyo iliyomsukuma mdogo nje ya nyumba yake mwenyewe. Na mimi ninayeandika haya mpaka leo sijui tungefanyaje vingine. Tungeanza na mkwe, mama angeandika nini?

"Mwombe radhi," nilisema.

"Kwa lugha gani?" aliuliza Futi, na halikuwa swali la kejeli. "Nikimwomba radhi kwa Kiingereza, mama ataona maneno mengi asiyoyajua baada ya kunikaribisha. Atasema, hawa wanasemezana nini?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini. Kutoka pale mpaka bohari la mbao ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye mizigo.

Alisimama. Akavuta jora la kitambaa cheupe, akalitandaza mezani kiasi cha mkono mmoja. Akavuta jora jingine, lenye maua ya rangi ya kutu, akalitandaza kando yake, ukingo kwa ukingo. Akaivua futi shingoni, akailaza katikati ya vitambaa viwili, imenyooka. Akapanda juu ya kiti, akapiga picha. Akaituma bila neno hata moja. Hakuweka salamu.

"Umetuma bila hata habari?" mdogo wake alishtuka zaidi ya alivyoshtuka siku nzima.

"Ndiyo. Salamu ndizo zimenifikisha hapa."

Tiki mbili. Zikabaki kijivu. Zikageuka buluu. Juu ya skrini neno la kuonyesha kwamba mtu anaandika likatokea, likapotea, likatokea tena. Niliwaza vichwa viwili vimeinama juu ya meza moja, vidole vinaoneshana. Au niliwaza ugomvi. Geti lile jeusi halikunisaidia kuona.

Kisha ikaja ramani. Nukta nyekundu nyuma ya bohari la mbao, basi. Hakukuwa na "karibu" wala "come".

"Nani katuma?" aliuliza mdogo wake.

"Sijui."

"Mama au mkwe?"

"Nakwambia sijui. Mama anajua kutuma ramani?"

"Anajua kuandika herufi moja moja. Ramani ni kubonyeza tu."

"Basi sijui." Futi alikuwa tayari anafunga mzigo: vipande vyeupe, vipande vya maua, mashine ya kutobolea ndani ya taulo, penseli, daftari. Futi ya njano ikarudi shingoni. Mlangoni alisimama, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana wasiwasi usoni, ule wa mtu aliyeitwa bila kujua kaitwa na nani. "Nikifika geti likafunguliwa, nimwamkie nani? Kwa lugha gani? Nikisema shikamoo, mke atasema huyu ni wa mama. Nikisema good afternoon..."

"Mpe mkono," nilisema.

"Yupi kwanza?"

Nikanyamaza. Siku ile nilikuwa nimejifunza kunyamaza, ingawa kwa kuchelewa.

Alirudi mezani, akachukua kibweta cha pini, akachomoa nne, akazibana kati ya midomo yake kama wafanyavyo washonaji wote wanapokuwa kazini, mikono ikiwa na shughuli. Akajaribu kusema kitu. Ikatoka sauti ya mtu asiyeweza kuulizwa chochote. Mdogo wake alielewa kabla yangu. Akapiga kofi moja mezani na kucheka mpaka akashika ubavu.

"Nenda na pini zako! Hakuna mtu anayemdai salamu fundi mwenye pini mdomoni!"

Futi alizitoa, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake ziwe karibu. "Nitaziweka nikiliona geti," alisema. "Nipime kwanza. Wakishaona napima dirisha sawa na dirisha, labda..." Hakumaliza. Akautupia mzigo begani, akatoka.

Nilimtazama kupitia mlango wa kioo mpaka mwisho wa ushoroba, pale mwanga ulipomla. Aligeuka kulia. Mtengeneza simu alimwita, naye akapunga mkono bila kusimama.

Mdogo wake alikuwa amerudi kwenye begi langu. Daftari jingine la kazi ndogo ndogo lilikuwa wazi mbele yake, ameandika "begi, zipu moja", na kalamu ilikuwa inangoja pembeni, kwenye safu ya herufi.

"Na wewe nikuandike nini?" aliniuliza.

Nilifikiri muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Akachoka kungoja, akaiacha nafasi wazi, akakanyaga kanyagio.